Doti na Deshi: Vile Meseji Ilipita Kwa Waya 1844, Kabla Simu Zikuje

Kama kwenu kulikuwa na ile Nokia ya mulika mwizi, kuna mlio wa meseji unaujua hata kama hujui unaujua. Ti-ti-ti, taa-taa, ti-ti-ti. Mathe akiusikia anakuitisha simu akiwa jikoni, anataka kujua nani ametuma. Wengi wetu tulidhani ni kelele tu za Nokia.

Zii. Hiyo ilikuwa lugha. Ti-ti-ti ni S, taa-taa ni M, ti-ti-ti ya mwisho ni S tena. Simu ilikuwa inakuambia "SMS" kwa kodi iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1830, wakati hakuna msee duniani alikuwa ameongea kwa simu. Hiyo kodi inaitwa Mosi, kutoka kwa jina la Samuel Morse, na mtambo uliyoibeba unaitwa telegrafu. Leo tunafungua huo mtambo tuone ndani kulikuwa na nini.

Kwanza, telegrafu ni nini?

Ni mtambo wa kutuma maneno mbali kwa kutumia stima kwenye waya. Haibebi sauti kama simu na haibebi picha. Hata herufi zenyewe hazipiti kwa waya. Kitu kinapita ni stima tu, na huyo msee wa upande ule mwingine anaweza kujua mambo mawili pekee: saa hii stima iko, ama saa hii stima haiko.

Sasa swali ni hili. Kama unajua tu "iko" na "haiko", unatoa wapi jina la mtu, bei ya ngano ama habari ya kifo? Jibu ni muda. Stima ikikaa kidogo ni doti, ikikaa zaidi ni deshi, na kimya katikati nacho kina maana yake. Shika hiyo, kwa sababu kila kitu kingine hapa chini kinarudi hapo.

Mchoraji aliyekosa mazishi ya bibi yake

Morse hakuwa fundi wa stima. Alikuwa mchoraji Mmarekani, na mzuri. Februari 1825 alikuwa Washington akichora picha ya jenerali Lafayette, kazi kubwa sana kwa msanii wa time hiyo. Bibi yake, Lucretia, alikuwa amebaki New Haven, ametoka tu kujifungua. Tarehe 7 akaaga ghafla. Babake Morse akaandika barua, na barua za siku hizo zilienda na farasi. Ilimfikia Morse baada ya siku kadhaa. Akaacha kazi, akashika njia, lakini kufika nyumbani alipata Lucretia ashazikwa.

Hiyo ndio ilikuwa spidi ya habari. Ukiwa mbali, mtu wako anaweza kufa na azikwe, na wewe bado unachora ukijua yuko poa.

Miaka saba baadaye, 1832, Morse alikuwa kwa meli inaitwa Sully akitoka Ufaransa kurudi Nyuyoki. Abiria mmoja, Charles Jackson, akaanza kubonga kuhusu stima na sumaku, na vile stima inapita waya mrefu kwa nukta moja ya jicho. Morse akaingiwa. Kama stima inafika mara moja, mbona isibebe ujumbe? Akaanza kuchora mitambo kwa daftari yake hapo hapo baharini.

Kusema ukweli, hakuwa peke yake kwa hiyo mbio. Uingereza, William Cooke na Charles Wheatstone walitoa telegrafu yao 1837, na kufikia 1839 ilikuwa inafanya kazi kando ya reli kutoka Paddington hadi West Drayton, kama kilomita 21. Yao ilikuwa na vishale vitano vinavyogeuka kuonyesha herufi kwa ubao. Ilikuwa rahisi kusoma, lakini ilitaka nyaya nyingi, na nyaya ni doo. Ubao wa Morse ulikuwa kwa kichwa ya mtu. Waya mmoja ungetosha, bora watu wajifunze kodi.

Stima ikigeuka kuwa sumaku

Ukitaka kuelewa huo mtambo, chukua msumari wa inchi nne. Uzungushie waya mwembamba wenye ngozi ya plastiki, mizunguko kama hamsini. Gusisha ncha mbili za waya kwa betri ya tochi. Msumari unageuka sumaku, unaokota pini. Toa waya kwa betri, na pini zinaanguka. Usishikilie sana, waya utapata moto na betri itaisha.

Telegrafu ni huo msumari, lakini betri iko mji mmoja na msumari uko mji mwingine. Kwa anayetuma kuna betri na kifungo cha kugonga, yaani kipande cha chuma chenye springi. Ukikibonyeza, waya unaunganika na stima inatembea. Ukikiachilia, waya unakatika. Kwa anayepokea kuna ile sumaku ya waya, na juu yake mkono wa chuma. Stima ikifika, sumaku inavuta mkono. Stima ikiisha, springi inaurudisha.

Kwa ncha ya huo mkono kulikuwa na kalamu ya chuma isiyo na wino. Chini yake kulipita utepe wa karatasi, ukivutwa pole pole na mashine ya saa. Mkono ukivutwa, kalamu inaminya alama kwa karatasi. Ukigonga haraka, inabaki alama fupi: doti. Ukishikilia, karatasi inaendelea kutembea chini ya kalamu na alama inakuwa ndefu: deshi. Kwa hivyo muda kwa kidole cha mtumaji unageuka urefu kwa karatasi ya mpokeaji.

Shida ilikuwa umbali. Waya mrefu unapunguza nguvu ya stima, na sumaku ya Morse ya kwanza ilikuwa inashindwa kuvuta baada ya mita chache tu. Aliyemwokoa ni Leonard Gale, profesa wa kemia pale Nyuyoki, ambaye alikuwa amesoma kazi ya mwanasayansi Joseph Henry. Alimwambia mambo mawili: usitumie betri moja, panga nyingi kwa mstari, na hiyo sumaku yako iongezee mizunguko ya waya, mingi sana. Hapo waya ukatoka mita ukaenda kilomita.

Bado kuna mahali hata hiyo haitoshi, na hapo ndipo wakaweka rilei. Cheki vile inafanya kazi. Stima iliyochoka ikifika, haina nguvu ya kuminya karatasi, lakini iko na nguvu ya kusukuma mkono mdogo mwepesi. Huo mkono mdogo ukigusa, unakuwa kifungo cha laini nyingine yenye betri yake fresh. Yaani mtu mchovu hafanyi kazi, anagonga tu mlango wa mtu mwenye nguvu. Ukipanga rilei baada ya rilei, ujumbe unavuka nchi nzima.

Doo ya serikali ilivyozikwa chini

Machi 1843, Bunge la Amerika lilimpa Morse dola 30,000 ajenge laini ya majaribio kutoka Washington hadi Baltimore, kama kilomita 60, kando ya reli. Timu yake ilikuwa na Gale, na pia Alfred Vail, kijana fundi ambaye familia yao ilikuwa na kiwanda cha chuma. Vail ndiye aliyetengeneza mitambo ikakaa mitambo ya kweli.

Plan ya kwanza ilikuwa kuzika nyaya chini ndani ya bomba la risasi. Jamaa anaitwa Ezra Cornell alitengeneza jembe la kuvutwa na nyumbu, linachimba mtaro, linalaza bomba na kufunika, yote kwa mpigo mmoja. Kazi ikaenda mbio. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa akipima vizuri. Walipopima, wakapata stima haifiki. Nguo iliyozungushiwa nyaya ilikuwa imeharibika ndani ya bomba, nyaya zinagusana na zinagusa bomba lenyewe, na stima inarudi kwa njia ya mkato kabla ifike mwisho. Mtu wa stima leo angeita hiyo shoti. Na sehemu kubwa ya doo ilikuwa ishaenda.

Morse aliogopa magazeti yakijua, mradi umekufa. Akamwambia Cornell atafute njia ya kusimamisha kazi bila watu kushuku. Cornell akashika jembe, akaligongesha kwa mwamba makusudi, likavunjika. Waandishi wakaona ajali ya kazi. Timu ikapata muda wa kufikiria. Huyo Cornell ndiye baadaye alitoa doo ya kuanzisha chuo kikuu chenye jina lake.

Jibu lilikuwa juu, sio chini. Wakasimamisha nguzo za mbao na kutundika nyaya hewani. Hewa kavu haipitishi stima, na ni bure. Kazi ikabaki pale tu waya unaposhikana na nguzo, kwa sababu mbao ikinyeshewa inapitisha stima kidogo kidogo hadi ardhini. Hapo waliweka vioo. Ukiona vile vikombe vya kauri kwa nguzo za stima mtaani, kazi yao ni hiyo hiyo.

Tarehe 1 Mei 1844, kabla laini iishe, chama cha Whig kilikuwa na mkutano Baltimore wa kuchagua mgombea urais. Waya ulikuwa umefika tu Annapolis Junction, katikati ya safari. Vail akangoja hapo. Treni kutoka Baltimore ikapita na habari kwamba Henry Clay amechaguliwa. Vail akagonga kifungo, na Washington wakajua saa hiyo hiyo. Treni ilipofika, abiria walishuka wakitaka kutoa risto mpya, wakapata watu washaisikia.

Tarehe 24 Mei, laini nzima ikafunguliwa rasmi. Morse alikaa ndani ya jengo la Bunge, Vail akiwa Baltimore. Ujumbe ulikuwa mstari wa Biblia, Hesabu 23:23, uliochaguliwa na binti mdogo anaitwa Annie Ellsworth. Vail akaupokea na kuurudisha vile vile, neno kwa neno, ndio wote waone hakuna kitu kimepotea njiani.

Kodi yenyewe sasa

Wazo la kwanza la Morse lilikuwa gumu. Kila neno lingepewa namba, unatuma namba, na mpokeaji anaenda kutafuta kwa kamusi kubwa. Fikiria kufungua kitabu kwa kila neno la meseji. Kufikia 1838 wakaachana na hiyo, wakapa kila herufi alama zake.

Lakini wangegawa vipi? Hapa kuna akili. Ili kujua herufi gani inatumika sana kwa Kiingereza, walicheki vile mafundi wa uchapishaji hupanga herufi zao za chuma. Fundi hana haja ya herufi asizotumia. E zilikuwa 12,000, Z zilikuwa 200. Kwa hivyo E ikapewa kitu kifupi kuliko vyote, doti moja tu. T ikapewa deshi moja. Z na Q, ambazo hukuji kuziona sana, zikapewa alama ndefu. Nani hasa alifanya hiyo kazi, Morse ama Vail, watu wamebishania tangu kitambo.

Kodi ya 1844 sio ile ya Nokia yako kabisa. Mjerumani Friedrich Gerke aliipanga upya 1848, na 1865 nchi zilipokutana Paris wakakubaliana kutumia kitu karibu na hiyo yake. Hiyo ndiyo inatumika hadi leo. Tuitumie kutuma meseji ambayo kila mzazi anataka kusikia: NIKO SAWA.

```
N  -.      S  ...
I  ..      A  .-
K  -.-     W  .--
O  ---     A  .-
```

Sasa sheria za muda. Chukua doti moja uiite pigo 1. Deshi ni mapigo 3. Kimya kati ya alama ndani ya herufi moja ni pigo 1. Kimya kati ya herufi na herufi ni mapigo 3. Kimya kati ya neno na neno ni mapigo 7.

Tuhesabu N pamoja: deshi 3, kimya 1, doti 1, jumla 5. I ni 3, K ni 9, O ni 11. Ongeza vimya vitatu vya mapigo 3 kati yao, NIKO inakuwa 37. Ukifanya hivyo kwa SAWA unapata 33. Weka 7 za katikati, jumla ni mapigo 77. Mtu mwenye mkono mzuri, wa maneno 20 kwa dakika, doti yake inachukua milisekunde 60. Kwa hivyo NIKO SAWA inatoka kwa sekunde 4.6 hivi. Hapo mathe ashajua uko salama.

Cheki kitu kingine. Hiyo kodi ilipimwa kwa Kiingereza, na Kiswahili tunalipa bei. Sisi tunapenda A kila mahali, lakini A ni mapigo 5 wakati E ya Wazungu ni 1. Kutuma TEA ni mapigo 15. Kutuma CHAI ni 35. Kinywaji ni kile kile, lakini yetu inachukua muda zaidi ya mara mbili.

Doti moja, maana mbili

Kosa kwa hii kodi haliji na alama nyekundu chini. Linakuja likiwa neno safi kabisa. Angalia herufi mbili hizi:

```
L  .-..
R  .-.
```

Tofauti ni doti moja ya mwisho. Sasa mwanasiasa anatuma telegramu: WATU WANATAKA KULA. Mvua inanyesha, nguzo zimelowa, stima inavuja, na ile doti ya mwisho inafika imechoka hadi sumaku haiivuti. Upande ule wanaandika: WATU WANATAKA KURA. Hakuna mtu atashuku, kwa sababu yote mawili yanaingia akilini. Huku kwetu labda zaidi ya kawaida.

Kosa la pili ni la kimya. A ni doti na deshi zikiwa zimeshikana. Mtumaji akivuta pumzi katikati, mpokeaji anasikia doti peke yake, halafu deshi peke yake, na anaandika ET. Ndio maana walimu wa Mosi huwaambia wanafunzi wasihesabu doti. Wasikie herufi nzima kama kawimbo kamoja.

Dawa ya zamani ilikuwa ile Vail alifanya siku ya ufunguzi: rudisha ujumbe kwa aliyetuma, acheki. Inakula muda mara mbili, kwa hivyo ilitumika kwa mambo mazito, kama doo na maisha ya watu. Na kwa laini za Amerika kulikuwa na ujanja mmoja zaidi. Waliacha stima ikitembea muda wote wakati hakuna anayetuma. Waya ukikatwa na mti, sumaku zote za hiyo laini zinaachilia kwa mpigo mmoja, na kila kituo kinajua kuna shida kabla mtu ajaribu kutuma.

Masikio yalishinda karatasi

Kitu Morse hakupanga ni hiki. Ule mkono wa chuma ukivutwa unasema "tak", ukirudi unasema "tok". Wafanyakazi wakikaa nao siku nzima, wakagundua hawahitaji kuangalia karatasi. Tak na tok zikifuatana haraka, hiyo ni doti. Zikiachana kidogo, ni deshi. Wakaanza kuandika moja kwa moja kutoka kwa sikio. Mabosi wengine mwanzoni walikataa, waliamini karatasi, lakini sikio lilikuwa na spidi zaidi, na baadaye mashine ya karatasi ikatolewa kwa ofisi nyingi, kikabaki kinyundo cha kupiga kelele tu.

Huku pwani yetu, waya wa chini ya bahari ulifika Zanzibar 1879 ukitokea Adeni, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Habari ambayo ilikuwa ikingoja meli sasa ilikuwa inagongwa kwa kidole.

Na ndio maana ile Nokia ilijua kuongea. Usiku stima ikipotea mtaani, washa tochi ya simu uelekeze kwa dirisha la beste yako wa ploti ya pili: fupi tatu, ndefu mbili, fupi tatu. Umemtumia "SMS" bila bando. Akikujibu na ndefu, fupi, ndefu, hiyo ni K. Watu wa Mosi huitumia kumaanisha: haya, endelea, nakusikia.